Mwongozo kamili: Kupata gharama halisi ya mzigo wa nje hadi dukani Kisumu, bidhaa kwa bidhaa

Kila mwezi napokea hesabu za wenye maduka wa Kisumu, Kakamega na Nakuru wanaoagiza mizigo kutoka China, na kila mwezi nakuta kosa lilelile. Gharama zote zimejumlishwa vizuri: nauli ya meli, ushuru, wakala, lori. Kisha mtu anachukua jumla hiyo, anaona ni asilimia 60 ya bei ya kununua, na anaongeza asilimia 60 kwa kila bidhaa iliyokuwa ndani ya kontena.

Jumla inakuwa sahihi, lakini bei ya kila bidhaa inakuwa ya uongo. Bidhaa moja inauzwa kwa hasara mwaka mzima huku daftari likionyesha faida, na nyingine inalala kwenye rafu kwa sababu mwenye duka anadhani hawezi kushusha bei.

Nitatumia mzigo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nimerahisisha takwimu zake ili zifuatike kwa kikokotoo cha simu. Ni kontena la futi 20 lililoletwa na duka la vyombo Kisumu ambalo limesajiliwa kwa VAT. Lilikuwa na bidhaa mbili tu:

- Chupa za chai 4,000, kila moja dola 2.50. Jumla dola 10,000.
- Kufuli 10,000, kila moja dola 1. Jumla dola 10,000.

Thamani ni sawa kabisa. Ukubwa ndio unaotofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Ankara ya muuzaji, pamoja na orodha ya upakiaji inayoonyesha idadi ya katoni na ujazo wake.
- Karatasi za benki za kila malipo, zenye tarehe na kiwango cha dola siku hiyo.
- Ankara ya nauli ya meli na cheti cha bima ya mzigo.
- Entri ya forodha na risiti za malipo ya KRA.
- Ankara za wakala wa forodha, kampuni ya meli, bandari na lori. Ankara za huku nyumbani ziwe za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, KRA haikubali kukupunguzia kodi ya mapato kwa gharama isiyo na ankara ya eTIMS.
- Karatasi ya kuhesabia mzigo, iliyojazwa siku kontena lilipofunguliwa dukani.

Kama orodha ya upakiaji haina ujazo, chukua futi kamba upime katoni moja ya kila aina. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000,000. Katoni ya chupa zetu ilikuwa 62.5 × 32 × 30, yaani mita za ujazo 0.06, na ndani yake chupa 10. Katoni 400 zikawa mita 24. Katoni ya kufuli 100 ilikuwa 50 × 30 × 20, yaani 0.03, na katoni zote 100 zikawa mita 3. Pima kabla vijana wa kupakua hawajafungua katoni na kuzitupa. Baada ya hapo huna tena cha kupima.

## Hatua ya 1: Fungua akaunti ya mzigo huu peke yake

Kwenye leja, fungua akaunti iitwe "Bidhaa zilizo njiani" na uipe namba ya mzigo. Kila shilingi inayostahili kuwa gharama ya bidhaa itaingia humo kwanza. Mzigo ukishahesabiwa dukani, yote itahamia kwenye akaunti ya stoki.

Sababu ni kwamba gharama hazifiki siku moja. Malipo ya kwanza kwa muuzaji yanaweza kutangulia ankara ya lori kwa miezi mitatu. Ukiziandika moja kwa moja kwenye matumizi ya mwezi zilipofika, mwezi huo utaonekana wa hasara, na mwezi wa kuuza utaonekana wa faida isiyokuwepo.

## Hatua ya 2: Geuza bei ya muuzaji kuwa shilingi

Duka lililipa dola 6,000 za kuanzia kwa Sh128, kisha dola 14,000 siku mzigo ulipopakiwa melini, kwa Sh130.

6,000 × 128 = Sh768,000
14,000 × 130 = Sh1,820,000
Jumla ni Sh2,588,000, yaani Sh1,294,000 kwa kila bidhaa.

Malipo ya awali hubaki kwenye kiwango cha siku yalipolipwa. Kama ungekuwa bado unadaiwa salio wakati umiliki unahamia kwako, salio hilo ungeliandika kwa kiwango cha siku hiyo ya kuhama. Dola ikipanda baadaye kabla hujalipa, nyongeza ni hasara ya fedha za kigeni. Haigusi bei ya chupa.

Usitumie kiwango cha dola kilicho kwenye entri kwa hesabu hii. Kile ni cha KRA kwa ajili ya kukokotoa kodi tu.

## Hatua ya 3: Soma entri mstari kwa mstari

Forodha huanza na bei ya mzigo, nauli na bima. Kwetu ilikuwa dola 20,000 + 2,700 + 100 = dola 22,800. Kwa kiwango cha KRA cha Sh130, thamani ya forodha ikawa Sh2,964,000. Entri ilionyesha:

- Ushuru wa forodha 25%: Sh741,000
- IDF, yaani ada ya tamko la mizigo inayoingia nchini, 2.5%: Sh74,100
- RDL, yaani tozo ya maendeleo ya reli, 2%: Sh59,280
- VAT 16%: Sh592,800

VAT hukokotolewa juu ya thamani ya forodha ikijumlishwa na ushuru, ndiyo maana si 16% ya 2,964,000. Viwango hivi hubadilishwa na sheria za fedha, na ushuru hutegemea namba ya bidhaa kwenye orodha ya ushuru ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo nakili kilicho kwenye entri yako, usinakili changu.

Ushuru, IDF na RDL hazirudishwi. Jumla yake, Sh874,380, inaingia kwenye akaunti ya mzigo.

VAT ina njia mbili. Duka letu limesajiliwa, kwa hiyo Sh592,800 zinakwenda kwenye akaunti ya VAT na kudaiwa kwenye ritani. Haziwi gharama ya chupa wala ya kufuli. Dai hilo lina muda wake: miezi sita baada ya kipindi cha kodi husika kuisha, na unahitaji entri na risiti ya malipo. Ukichelewa, fedha hizo zimekwenda.

Kama hujasajiliwa, VAT yote ni gharama ya mzigo. Kwenye mfano huu ingeongeza Sh74.10 kwa kila chupa na Sh29.64 kwa kila kufuli. Kwa hiyo usichukue bei ya gharama ya jirani aliyesajiliwa ukadhani ni yako.

Mara nyingine forodha hukataa bei iliyo kwenye ankara na kuipandisha. Ikitokea, ushuru uliolipa kwa hiyo bei ya juu ni gharama yako halali, lakini bei ya kununua inabaki ile uliyomlipa muuzaji. Nimeona mtu akiandika stoki kwa thamani ya forodha, na leja ya muuzaji ikakataa kufunga.

## Hatua ya 4: Chuja ankara za huku nyumbani

Gharama inaingia kwenye mzigo kama ilikuwa lazima ili bidhaa ifike dukani ikiwa tayari kuuzwa. Kwenye kontena hili, bila VAT, zilikuwa hizi:

- Nauli ya meli, dola 2,700: Sh351,000
- Bima: Sh13,000
- Wakala, bandari na ada za kampuni ya meli: Sh108,000
- Lori Mombasa hadi Kisumu, pamoja na kurudisha kontena tupu: Sh189,000
- Vibarua wa kupakua: Sh13,500

Sasa yale yanayokosewa.

Ankara ya wakala. Mara nyingi ina sehemu mbili: ada yake mwenyewe, na pesa alizolipa kwa niaba yako. Kama alikulipia ushuru, Sh741,000 zitaonekana kwenye ankara yake na pia kwenye risiti ya KRA. Hizo ni fedha zilezile. Pitia ankara kwa kalamu, piga mstari kila kitu ambacho tayari umekiandika kutoka kwenye entri, na uchukue kilichobaki tu.

Amana ya kontena. Kampuni ya meli inaweza kukutoza amana na kuirudisha kontena tupu likifika kwenye bohari yake. Hilo ni deni unalodai, si gharama. Mkikubaliana na mwenye lori, andikeni nani anarudisha kontena na kwa muda gani. Kutoka Kisumu safari ya kurudi ni ndefu, na siku zinazidi kuhesabiwa.

Dimareji na kodi ya kuhifadhi bandarini. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliingiza Sh81,000 za dimareji kwenye stoki. Hati zilikuwa zimechelewa kwa uzembe wetu, kontena likakaa. Kwa ujazo wa mita 27 hiyo ni Sh3,000 kwa kila mita, na chupa moja hubeba Sh18. Tulipandisha bei ya chupa, wateja wakaenda kwa jirani, na mzigo uliofuata haukuwa na dimareji hiyo. Kucheleweshwa si njia ya kawaida ya kufikisha bidhaa. Kiwango cha kimataifa cha hesabu za stoki, IAS 2, kinataka upotevu usio wa kawaida uwe matumizi ya kipindi, nami sasa naiweka dimareji hapo, kwenye mstari wake peke yake ili mwenye duka aione.

Kodi ya duka, mshahara wa muuzaji, na lori la kumpelekea mteja Bondo. Hizi ni gharama za kuuza na kuendesha biashara. Haziingii.

## Hatua ya 5: Gawanya kila gharama kwa kile kinachoisababisha

Hapa ndipo kosa la asilimia 60 linapozaliwa, kwa hiyo twende polepole.

Jiulize swali moja kwa kila gharama: ingepungua kwa sababu gani? Ushuru, IDF na RDL zingepungua kama thamani ingekuwa ndogo. Hizo zigawe kwa thamani, au vizuri zaidi, chukua kiasi kilichoandikwa kwenye mstari wa kila bidhaa katika entri, hasa kama bidhaa zina viwango tofauti vya ushuru. Bima nayo hufuata thamani.

Nauli ya meli, bandari, lori na vibarua hazijui bei ya kufuli. Kontena hujaa kwa nafasi. Chupa zilichukua mita 24 kati ya 27, na ndizo zilizolilazimisha duka kukodi kontena zima. Basi zigawe kwa ujazo:

351,000 + 108,000 + 189,000 + 13,500 = Sh661,500
661,500 ÷ 27 = Sh24,500 kwa kila mita ya ujazo

Chupa: 24 × 24,500 = Sh588,000. Kufuli: 3 × 24,500 = Sh73,500.

Kwenye entri yetu mistari miwili ilikuwa na thamani sawa na kiwango kimoja cha ushuru, hivyo kila bidhaa ilibeba Sh437,190 za ushuru, IDF na RDL, na Sh6,500 za bima.

| | Chupa za chai | Kufuli |
|---|---|---|
| Bei ya kununua | 1,294,000 | 1,294,000 |
| Bima | 6,500 | 6,500 |
| Ushuru, IDF, RDL | 437,190 | 437,190 |
| Kwa ujazo | 588,000 | 73,500 |
| Jumla | 2,325,690 | 1,811,190 |
| Idadi | 4,000 | 10,000 |
| Kwa kimoja | Sh581.42 | Sh181.12 |

Sasa tazama njia ya asilimia moja ingesema nini. Jumla ya Sh4,136,880 ingegawanywa nusu kwa nusu: chupa Sh517.11, kufuli Sh206.84.

Mwenye duka alikuwa akiuza chupa kwa jumla Sh570. Kwa hesabu yake alipata karibu Sh53 kila moja. Kwa kweli alikuwa akipoteza zaidi ya Sh11. Na kufuli alikuwa ameziacha Sh210.

"Kijana wangu, kuna mtu Kibuye anauza kufuli kama hii 200," aliniambia, akaiweka moja mezani, bado imefungwa kwenye nailoni. "Yeye anatoa wapi? Mimi 200 ni hasara."

"Mama, kwako 200 ni faida ya shilingi 18 na senti," nilimjibu. Alichukua karatasi akarudia kugawanya mwenyewe, mara mbili, kabla ya kukubali.

Kwenye karatasi ya hesabu ya kompyuta, weka ujazo kwenye safu ya D, bei ya kununua E, bima F, ushuru na ada zake G, na jumla ya gharama za ujazo kwenye J1. Gharama ya mstari wa kwanza ni:

```
=E2+F2+G2+$J$1*D2/SUM($D$2:$D$3)
```

Ujazo haufai kila mahali. Misumari, vigae na vyuma hufikisha kontena au lori kwenye kikomo cha uzito kabla nafasi haijajaa. Hapo gawanya kwa kilo. Na bidhaa zikiwa za ukubwa na thamani inayokaribiana, kugawa kwa thamani peke yake kunatosha.

Utajua umefaulu ukijumlisha gharama za bidhaa zote upate Sh4,136,880 kamili. Ikipungua au kuzidi hata shilingi elfu moja, kuna ankara uliyoisahau au uliyoiandika mara mbili.

## Hatua ya 6: Gawanya kwa zilizofika nzima

Chupa za chai zina kioo ndani. Tikisa kila chupa kwenye katoni iliyobonyea, na ukisikia kioo kikichakacha ndani, hiyo imekwenda. Tuseme 40 kati ya 4,000 zimevunjika, kiasi ambacho duka hili hukiona karibu kila safari. Huo ni upotevu wa kawaida, kwa hiyo zile nzima zinabeba gharama yote:

2,325,690 ÷ 3,960 = Sh587.30

Lori likianguka na chupa 900 zikavunjika, hilo ni jambo jingine. Gharama ya zile 900 inakuwa hasara ya kipindi, na dai la bima huandikwa peke yake. Usizitwike chupa zilizopona.

Mwisho wa mwaka, linganisha gharama na bei ya soko. Kama zimebaki chupa 1,500 na soko halitoi zaidi ya Sh570, haziwezi kukaa vitabuni kwa Sh587.30. Shusha Sh17.30 kwa kila moja, jumla Sh25,950, na uiandike kama hasara ya mwaka huo. Kama kuna gharama ya kuziuza, itoe kwanza kwenye hiyo 570.

## Mzigo wa pamoja wa kulipia kwa CBM

Wengi hawaleti kontena zima. Wanalipa bei moja kwa kila CBM, yaani mita ya ujazo, kwa msafirishaji anayekusanya mizigo ya watu, na ushuru umo ndani ya bei hiyo. Hesabu yake ni fupi: bei ya muuzaji kwa shilingi, jumlisha ujazo wa bidhaa mara bei ya CBM, kisha jumlisha usafiri kutoka Nairobi hadi dukani kwako.

Tahadhari ni moja. Kama entri haiko kwa jina lako, huwezi kudai VAT ya mzigo huo, hata kama umesajiliwa. Ukilinganisha njia hii na kontena lako mwenyewe, linganisha gharama baada ya kutoa VAT unayoweza kuidai. Na omba ankara ya huduma ya msafirishaji. Ujumbe wa malipo ya simu peke yake hautakutosha KRA wakikagua.

## Hatua ya 7: Hamisha stoki, na ushughulikie ankara za kuchelewa

Hamisha Sh2,325,690 kwenda stoki ya chupa na Sh1,811,190 kwenda stoki ya kufuli. Akaunti ya "Bidhaa zilizo njiani" kwa mzigo huu isome sifuri.

Usisubiri ankara ya mwisho ndipo uanze kuuza. Kama mwenye lori hajaleta yake, weka kiasi mlichokubaliana kama deni unalodaiwa. Ikija tofauti, rekebisha tofauti tu.

Tuseme ankara ya lori imezidi makadirio kwa Sh27,000. Hiyo ni Sh1,000 kwa kila mita: chupa Sh24,000, kufuli Sh3,000. Lakini chupa 1,980, nusu ya zile nzima, tayari zimeuzwa. Kwa hiyo Sh12,000 zinakwenda moja kwa moja kwenye gharama ya mauzo, na Sh12,000 zinaongeza stoki iliyobaki, karibu Sh6 kwa chupa. Ukizipakia zote Sh24,000 kwenye nusu iliyobaki, chupa hizo zitaonekana ghali kwa Sh12 badala ya 6, na utapandisha bei bila sababu. Kwa kufuli fanya vivyo hivyo, kisha andika tarehe ya marekebisho kando ya gharama mpya ili anayeuza kaunta ajue ni ipi inayotumika.